Geji Inasema 15, Mvuke Unasema Vingine

Katika zahanati nyingi za vijijini, otoklevu ni sufuria nzito ya alumini yenye kifuniko kinachobanwa kwa komeo za kuzungusha, nayo hukaa juu ya jiko la gesi. Kifuniko kina vitu vitatu: geji ya presha, vali ya kutolea hewa, na vali ya usalama inayofyatuka presha ikipita kiasi. Anayeiendesha mara nyingi ni mhudumu wa afya aliyeonyeshwa kazi na mwenzake aliyemtangulia. Maelekezo aliyorithi ni mafupi: tia maji, panga vifurushi, funga, washa moto, mshale ukigonga 15 hesabu nusu saa, kisha zima.

Maelekezo hayo yana pengo, na pengo lenyewe ni hewa. Geji inapima presha peke yake. Haijui kama presha hiyo imeletwa na mvuke mtupu au na mvuke uliochanganyika na hewa iliyokuwamo ndani ya sufuria tangu mwanzo. Mshale utafika 15 kwa vyovyote vile, lakini joto lililo chini yake linaweza kupishana kwa nyuzi nyingi. Kwenye usawa wa bahari, paundi 15 kwa inchi ya mraba za mvuke mtupu ni nyuzi 121 za selsiasi. Hewa ikitoka nusu tu, paundi zilezile 15 ni nyuzi kama 112. Kwa mtu anayesoma geji hakuna tofauti yoyote. Kwa bakteria wa pepopunda aliyejifungia ndani ya gamba lake, tofauti hiyo ni uhai.

Gamba hilo huitwa spora. Bakteria wachache, akiwamo wa pepopunda, wakibanwa na ukosefu wa chakula hujikunyata ndani ya gamba gumu na kungoja hali iwe nzuri. Maji yanayochemka huua virusi vya ukimwi, vya homa ya ini na bakteria wa kawaida, ila spora huweza kuvumilia. Ndiyo maana kuchemsha mkasi kwa dakika 20 si kuutakasa, hata kama bibi zetu wengi walizalishwa kwa mkasi wa namna hiyo wakapona. Mwaka 1879 Mfaransa Charles Chamberland, aliyefanya kazi na Louis Pasteur, alitengeneza chombo cha kufungia mvuke ili joto lipande kupita lile la maji kuchemka. Sufuria yetu ya zahanati ni mjukuu wa chombo hicho, na kanuni haijabadilika.

Mvuke una nguvu kwa sababu unapogusa chuma baridi hugeuka maji, na hapo huachia joto lote ulilolibeba. Gramu moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa joto zaidi ya mara 500 ya lile linalotolewa na gramu moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja. Papo hapo mvuke huo hunywea, ukabaki na nafasi ndogo mara mamia kuliko ya awali, na ile nafasi iliyoachwa huvuta mvuke mwingine. Hivyo ndivyo mvuke unavyojipenyeza ndani ya kitambaa, safu kwa safu, mpaka kwenye bawaba ya mkasi ulio katikati ya kifurushi. Hewa haifanyi hivyo. Hainywei, haiachii joto la maana, na ikishakaa mahali, mvuke haupapati. Tanuri la joto kavu linathibitisha jambo hilo: kwa nyuzi 160 linahitaji saa mbili kufanya kazi ambayo mvuke mtupu wa nyuzi 121 huimaliza ndani ya nusu saa, hata kwa vifaa vilivyofungwa.

Kwa hiyo kazi yote, kuanzia leba hadi kabatini, inalenga kuhakikisha mvuke unagusa chuma kitupu. Chochote kinachokaa kati yake na chuma, iwe damu, mafuta au hewa, kinaiharibu.

Damu ndiyo ya kwanza. Mama akishajifungua, vibanio viwili vya kitovu, mkasi na bakuli hubaki na damu, na damu ikikauka kwenye meno ya kibanio inakuwa ngumu kama rangi. Mkunga mzuri huifuta palepale kwa gozi iliyolowa maji, akafungua vifaa vyote, akaviweka kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na kitambaa kibichi ili visikauke. Visilowekwe kwenye maji ya chumvi ya dripu, kwa kuwa chumvi hutoboa chuma vishimo vidogo, na kila kishimo ni maficho.

Hapa kuna suala la jiki. Kizazi kizima cha wahudumu wa Afrika Mashariki kilifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuviosha. Kwa jiki ya asilimia 3.5 hiyo ni kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji, na hesabu hiyo bado imebandikwa kwenye kuta za leba nyingi. Lengo lilikuwa jema: kumkinga anayeosha. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu usafishaji na utakasaji wa vifaa tiba haushauri tena kuloweka vifaa kwenye dawa kabla ya kuosha. Klorini hula chuma. Damu nayo huimaliza klorini nguvu, na mhudumu anayeamini kwamba vifaa vimeshakuwa salama hupunguza uangalifu. Kinga ya anayeosha ni glovu nene za mpira, aproni, miwani au ngao ya uso, na viatu vilivyofunika vidole. Najua kuna watakaonuna wakisoma hapa, kwa sababu ndoo ya jiki imekuwa sehemu ya leba kama kitanda chenyewe. Ndoo hiyo ina kazi nyingine nyingi, zikiwamo sakafu na nyuso zenye damu. Mkasi si mojawapo.

Kuosha kwenyewe kunahitaji maji ya vuguvugu, sabuni ya maji isiyo na mapovu mengi, na brashi laini. Maji ya moto yaje baadaye, kwani huigandisha protini ya damu na kuigandamiza kwenye chuma, kama mtu aliyewahi kufua shuka lenye damu anavyojua. Vifaa husuguliwa vikiwa vimezama, brashi ikiwa chini ya maji, ili matone yasirukie uso. Sehemu za kusugua zaidi ni bawaba, meno, na zile ngazi ndogo zinazofunga kibanio. Sitili wulu haitakiwi, maana inaacha mikwaruzo. Baada ya hapo husuuzwa kwa maji safi mpaka utelezi wa sabuni uishe, kisha hukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Kabla ya kufunga, kila kifaa kikaguliwe kwenye mwanga, na kama kuna lenzi ya kukuzia ni vizuri zaidi. Kibanio kifungwe na kufunguliwa, mkasi ujaribiwe kwenye gozi. Bawaba ikiwa nzito, wengine huitia tone la mafuta ya cherehani au ya nazi. Ni kosa baya kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mvuke ni maji, na maji hayapenyi mafuta. Spora iliyofunikwa na mafuta itakaa humo nusu saa nzima bila kuguswa na unyevu. Kuna vilainishi maalumu vinavyoyeyuka kwenye maji. Kama havipo, bawaba nzito huoshwa tena, kwa sababu mara nyingi uzito wake ni damu ya zamani.

Sasa kufunga. Seti ya kuzalishia ni vibanio viwili, mkasi wa kitovu, bakuli, gozi, na mahali pengine kishikio cha sindano na koleo la kushonea. Vyote vyenye bawaba vifungwe vikiwa wazi. Kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri hutumika kwa safu mbili, kila moja ikikunjwa peke yake, na kiwe kimefuliwa tangu kilipotumika mara ya mwisho. Kitambaa kilichotoka kwenye otoklevu kikarudi moja kwa moja kwenye otoklevu hukauka mno, kikawa kinanyonya unyevu wa mvuke mahali usipotakiwa kupotea. Kikiinuliwa kwenye dirisha na mwanga ukaonekana kupitia tundu, hakifai tena kufungia. Gazeti halifai kabisa.

Katikati ya kifurushi, karibu na bawaba ya mkasi, huwekwa kipimo cha ndani: ukanda mdogo wa kemikali ambao rangi yake husogea polepole kwenye dirisha lake, na kufika eneo la kukubaliwa pale tu joto, muda na mvuke vimetimia vyote vitatu. Nje hubandikwa tepu yenye mistari iliyofifia ambayo hugeuka myeusi. Juu ya tepu huandikwa kilichomo, tarehe, namba ya mzigo na herufi za aliyefunga. Namba ya mzigo huonekana kama urasimu tu mpaka siku inapohitajika.

Tepu na ukanda wa ndani si kitu kimoja, na kuvichanganya ndilo kosa ninaloliona kuwa la hatari kuliko yote katika zahanati ndogo. Tepu inajibu swali moja tu: je, kifurushi hiki kimepita kwenye joto? Inasaidia usichukue kifurushi ambacho hakijaingia kabisa. Mistari yake huweza kuwa myeusi hata pale mvuke haukufika ndani. Ukanda wa ndani unajibu swali la pili, lililo gumu zaidi: hapa katikati, mvuke ulifika kweli?

Upangaji ndani ya sufuria unafuata tabia ya hewa. Hewa ni nzito kuliko mvuke. Mvuke hupanda juu, na hewa husukumwa chini, itafute njia ya kutokea. Ndiyo sababu otoklevu hizi zina bomba la kunyumbulika linaloshuka kutoka kwenye vali ya kifuniko hadi karibu na sakafu ya ndoo ya ndani: hewa inakokotwa kutoka chini ilikojikusanya. Bakuli likiwekwa limetazama juu, hewa hukaa ndani yake kama maji, na hapo kuna kanuni rahisi ya kumfundisha mtu yeyote: kitu ambacho kingeshika maji kitashika hewa, basi kilaze kwa ubavu. Vifurushi navyo visimamishwe kwa ubavu, viganja viweze kupita kati yake, visigusane na ukuta. Vyenye chuma kizito viwe chini na vitambaa juu, la sivyo maji yanayotiririka kutoka kwenye chuma yatalowesha vitambaa.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa. Moto ukiwaka, vali ya kutolea hewa iachwe wazi. Mwanzoni itapumua kwa mchanganyiko dhaifu, ikipiga chafya. Baadaye mvuke utatoka kwa nguvu, mfululizo, kwa sauti moja. Saa ihesabiwe kuanzia hapo: dakika tano hadi saba, kadiri ya kitabu cha mashine, ndipo vali ifungwe. Mshale utapanda. Ukifika panapotakiwa, hesabu ya kutakasa inaanza: dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa, 20 kwa visivyofungwa. Moto hupunguzwa ili mshale utulie. Ukishuka chini ya alama, hata kwa dakika mbili, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Hakuna kufidia mwishoni.

Tuseme sasa kuna zahanati katika nyanda za juu za Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jumatatu wametakasa seti nne za kuzalishia, mzigo namba 41. Jumatano usiku mama anafika na uchungu, mkunga anafungua seti ya kwanza. Tepu ni nyeusi, safi kabisa. Ukanda wa ndani, hata hivyo, umesimama kabla ya eneo la kukubaliwa. Anaiweka kando, anachukua seti ya mzigo 38 iliyobaki kabatini, ukanda wake uko sawa, na mtoto anazaliwa.

Asubuhi anamwita mhudumu.

“Sista, mbona presha ilifika? Mimi mwenyewe nilikaa pale. Kumi na tano, nusu saa nzima.”

“Najua ilifika. Niletee daftari.”

Daftari la otoklevu ndilo shahidi. Mzigo 41: moto umewashwa saa 3:10 asubuhi, presha 15 saa 3:27, umezimwa saa 3:57. Mzigo 38: moto saa 3:05, mvuke mfululizo saa 3:24, vali imefungwa saa 3:30, presha saa 3:38, umezimwa saa 4:10. Mizigo yote miwili ilikuwa ya seti nne, maji kipimo kilekile. Mmoja umefika presha kwa dakika 17, mwingine kwa dakika 33, na safu ya kutoa hewa ya mzigo 41 ni tupu. Kupanda kwa haraka hivyo ni dalili inayojieleza. Hewa iliyofungiwa nayo hupanuka kwa joto na kusukuma geji, kwa hiyo mshale unafika 15 kabla mvuke haujatosha. Mashine inapofika presha mapema kuliko kawaida yake, msiifurahie.

Mhudumu anaeleza. Gesi ilikuwa inaishia. Vali ilipoanza kupumua tu aliifunga, asije akaishiwa katikati. Mkunga anainua kifuniko na kuangalia bomba la kunyumbulika. Limechomoka kwenye njia yake ubavuni mwa ndoo, limejikunja juu ya vifurushi. Hivyo hata ile hewa kidogo iliyotoka ilitoka juu, na ya chini ikabaki. Seti zilizokuwa chini ndizo zilizoathirika zaidi.

Lakini kuna jambo la tatu, ambalo lingekuwapo hata kama gesi ingekuwa tele na bomba lingekuwa mahali pake. Geji husoma presha inayozidi ile ya nje. Kwenye pwani, Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya nje inasukuma kwa nguvu kamili. Njombe hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi kama 93, na paundi 15 za geji, hata za mvuke mtupu, huleta nyuzi 117 hivi. Nyuzi nne zinaonekana ndogo. Kwa spora, hata hivyo, kushuka kwa nyuzi 10 hupunguza kasi ya kuuawa mara kumi, na kushuka kwa nyuzi tatu na nusu huipunguza hadi chini ya nusu. Kanuni ya kazini ni kuongeza karibu nusu paundi kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa mita 2,000 hiyo ni paundi tatu na ushee, kwa hiyo alama ya zahanati hii ni 18 na kitu, si 15. Karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani imeandikwa kwa ajili ya pwani.

Kwa nini basi mzigo 38 ulikubaliwa kwa paundi 15? Ukanda ulifika eneo la kukubaliwa, lakini ukingoni kabisa. Hewa ilitolewa vizuri na hesabu ilienda hadi dakika 32, na kwa kuwa dakika 30 zina akiba ndani yake, akiba hiyo ndiyo iliyolipa nyuzi zilizopungua. Zahanati ilikuwa inaishi kwa akiba bila kujua. Kupandisha presha hadi 18 kunawezekana kama vali ya usalama na kitabu cha mashine vinaruhusu, na nyingi zinaruhusu. Kama haziruhusu, muda ndio unaoongezwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Vali ya usalama haiguswi, haizibwi, haiwekewi uzito.

Marekebisho yenyewe hayakuhitaji fedha nyingi. Bomba limerudishwa kwenye njia yake, na kulikagua ni jambo la kwanza kila asubuhi. Safu ya kutoa hewa kwenye daftari haiachwi tupu. Mtungi wa pili wa gesi unakaa tayari. Kwenye kioo cha geji kuna alama ya rangi nyekundu kwenye 18.

Hata hivyo mashine iliyorekebishwa haiaminiwi kwa maneno. Kuna kipimo cha mwisho, nacho ni hai: kichupa chenye spora za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, asiyemdhuru binadamu lakini mgumu kuliko karibu vyote kwa joto la mvuke. Kichupa kinafungwa ndani ya seti, seti inawekwa chini kabisa karibu na mdomo wa bomba, mahali ambapo hewa hukawia kutoka, na mzigo unaendeshwa kama siku ya kawaida. Kisha kichupa hupelekwa hospitali ya wilaya au maabara yenye kiatamishi cha nyuzi 55 hadi 60, kikiongozana na kichupa kingine cha aina ileile ambacho hakikuingia kwenye otoklevu. Baada ya siku moja au mbili, cha pili lazima kigeuke njano, kwa sababu spora zake zinakua. Kisipogeuka, kipimo chote ni batili, huenda spora zilikuwa zimekufa tangu dukani. Cha kwanza kikibaki zambarau, mashine imepona. Miongozo hupendekeza kipimo hiki kila wiki na baada ya kila tengenezo. Pale ambapo safari ya maabara ni ndefu, baada ya tengenezo angalau kisikose.

Ukaushaji nao hauna haraka. Presha ikishuka hadi sifuri, kifuniko huachwa wazi kidogo na vifurushi hubaki ndani nusu saa zaidi, joto la chuma likivikausha. Kinachotoka kibichi hakijatakasika hata kama ukanda umekubali, kwa sababu unyevu ni njia ya bakteria kupita kitambaa kutoka nje kwenda ndani. Wala kisiwekwe kikiwa moto juu ya meza ya chuma baridi, kitatoa jasho chini. Baada ya kupoa huenda kabatini, mbali na sakafu na sinki, cha zamani kikitangulia mbele. Kifurushi kilichoanguka, kilicholowa au kilichofunguka kinarudi kuoshwa upya, tarehe yoyote kiwe nayo.

Linabaki swali la mzigo 41. Seti nne ziliingia. Moja ilifunguliwa na kuachwa, moja iko kabatini, mbili zimekwisha tumika Jumanne. Mganga mfawidhi anafungua daftari la uzazi. Kwa bahati, mkunga wa zamu alikuwa na mazoea ya kubandika kipande cha tepu kwenye ukurasa wa mama, kwa hiyo namba zinasomeka: akina mama wawili, watoto wawili. Hakuna aliyekumbuka kuangalia ukanda wa ndani wa seti hizo. Ulitupwa pamoja na gozi.

Hatari ipimwe kwa kadiri yake. Vifaa vilioshwa vizuri na vikakaa nusu saa kwenye joto lililozidi la maji ya kuchemka, kwa hiyo hofu ya virusi vya ukimwi au homa ya ini kutoka kwa mama aliyetangulia ni ndogo mno. Wasiwasi uko kwenye spora, na kwa kitovu kilichokatwa hiyo ina maana ya pepopunda. Kadi za akina mama zinaangaliwa: mmoja amekamilisha chanjo zake za pepopunda, kinga ambayo humfikia pia mtoto akiwa tumboni. Wa pili ana dozi moja tu. Wote wawili wanaelezwa kilichotokea. Pepopunda ya mtoto mchanga hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 28, na dalili ya kwanza kwa kawaida ni mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri kushindwa kunyonya, taya likikaza. Huyu wa dozi moja anapelekwa na mtoto wake hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, daktari aamue kuhusu kinga. Seti mbili zilizobaki za mzigo 41 zinafunguliwa, zinaoshwa upya, na kwenye daftari mstari wake unaandikwa kwa wino mwekundu: umekataliwa, na sababu.